Mjadala: Jozi mbili au sita mbili, nani anashika dadu sahihi?

Mwanzisha mada: Katika mchezo wa dadu tano wa Yahtzee nimebakiwa na visanduku viwili tu, kile cha Sita kinachohesabu sita pekee, na kile cha tatu-na-mbili, yaani dadu tatu za namna moja na mbili za namna nyingine, chenye pointi 25. Sehemu ya juu nina pointi 45, na kisanduku cha Yahtzee nilishakijaza sifuri. Nimetupa mara mbili na dadu zinasoma 6 6 2 2 1, nimebakiwa na mtupo mmoja. Wenzangu wanasema kila mwenye jozi mbili azishike. Je, hesabu inakubaliana nao?

Mzee wa Bao: Wenzako wamesema kweli. Jozi mbili ni mali mkononi. Ukirusha hiyo moja, 6 au 2 ikitokea umepata 25 zako, na ukikosa una mtupo mwingine wa kurudia. Kwa mitupo miwili nafasi ya kufanikiwa inazidi nusu.

Msomi wa Takwimu: Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako ni sahihi kwa mtu mwenye mitupo miwili, kwa kuwa nafasi yake ni 5 kati ya 9, lakini muulizaji amebakiwa na mtupo mmoja, kwa hiyo nafasi ni 1 kati ya 3.

Binti wa Pwani: Basi jibu ni rahisi. Akishika sita mbili na kurusha dadu tatu, nafasi ya kupata walau sita moja zaidi ni asilimia 42. Asilimia 42 ni kubwa kuliko 33, kwa hiyo ashike sita mbili, na kanuni hiyo itumike daima.

Msomi wa Takwimu: Hitimisho lako kwa dadu hizi ninalikubali, ila njia uliyopita itakupotosha siku nyingine, kwa sababu umelinganisha nafasi bila kuuliza kila nafasi inaleta nini na inaacha nini nyuma yake. Zamu hii haiishi yenyewe. Inaacha kisanduku kimoja cha kuchezwa zamu ya mwisho, na kisanduku hicho kina thamani yake tarajiwa ambayo lazima ijumlishwe kabla ya kuamua.

Tuanze na thamani za visanduku vinavyobaki. Tatu-na-mbili ikibaki peke yake kwa zamu nzima ya mitupo mitatu, mchezaji makini huipata takriban mara 37 katika kila zamu 100, kwa hiyo ina thamani ya pointi 9 hivi. Kisanduku cha Sita kikibaki peke yake huleta wastani wa pointi 12.6 kutokana na sita zenyewe. Hapa kuna jambo la ziada: bonasi ya pointi 35 hutolewa sehemu ya juu ikifika 63, na muulizaji mwenye 45 anahitaji 18 tu, yaani sita tatu. Katika zamu nzima nafasi ya kupata sita tatu au zaidi ni karibu asilimia 35.5, nayo inaongeza pointi 12.4. Kwa hiyo kwake kisanduku cha Sita kina thamani ya pointi 25, si 12.6.

Sasa tushike jozi mbili na kurusha dadu moja. Ikija 6, anaandika 18 katika Sita, anachukua bonasi, na bado ana tatu-na-mbili ya kujaribu, jumla 62. Ikija 2, anaandika 25 na kubaki na kisanduku cha Sita, jumla 50. Ikija nyingine yoyote kati ya nne zilizobaki, anaandika sifuri katika tatu-na-mbili na kubaki na thamani 25 ya Sita. Wastani wa yote ni pointi 35.4.

Akishika sita mbili na kurusha tatu, kuna matokeo 216 yanayolingana kwa uwezekano. Katika 91 kati ya hayo anapata sita ya tatu au zaidi, na wastani wa mwisho wa matokeo hayo ni pointi 63. Katika 5 zinakuja dadu tatu za namna moja zisizo sita, naye anaandika tatu-na-mbili. Katika 120 zilizosalia anaandika sifuri kama mwanzo. Wastani ni 41.7. Tofauti ya pointi 6 katika uamuzi mmoja ni kubwa sana kwa mchezo huu.

Binti wa Pwani: Hapo kwenye sifuri nimekwama. Mtu mwenye sita mbili mezani anawezaje kuandika sifuri wakati kisanduku cha Sita kingempa 12?

Msomi wa Takwimu: Kwa sababu 12 hizo zinaua bonasi. Akiziandika anabaki na tatu-na-mbili yenye thamani 9, jumla 21. Akiandika sifuri anabaki na 25. Wachezaji wengi hupoteza pointi hapo hapo, kwenye kuandika, baada ya kuwa wamerusha vizuri.

Shemeji wa Muscat: Sisi huku nyumbani tunacheza bila bonasi, watoto walizoea hivyo. Juzi nilipata dadu zinazofanana na hizi, nikashika jozi mbili, na mke wangu akanilaumu. Je, nilikosea?

Msomi wa Takwimu: Hukukosea. Bila bonasi kisanduku cha Sita kinarudi kwenye 12.6, na hata ikija 6 ni bora kuandika 25 za tatu-na-mbili. Ukikosa, unaandika 12 zako katika Sita. Jozi mbili zinaleta wastani wa 26.7, sita mbili 25.3. Binti aliangalie hili: nafasi za asilimia 33 na 42 hazijabadilika hata kidogo, lakini jibu limegeuka.

Mzee wa Bao: Nimekubali kuhusu mitupo. Lakini nauliza jambo jingine. Wastani ni wa mtu atakayecheza mara nyingi, ilhali mimi nataka kumshinda huyu aliyekaa mbele yangu leo. Mpinzani ameshamaliza, mimi nimebakiwa na kisanduku huria kinachohesabu jumla ya dadu zote, nahitaji 26 nishinde, nina mtupo mmoja tu, na mkononi nina 6 6 5 4 4 zenye jumla ya 25. Wastani unaniambia nini?

Msomi wa Takwimu: Wastani unakwambia uzishike zote, kwa sababu kurusha 4 moja kunashusha matarajio kutoka 25 hadi 24.5. Lakini 25 ni kushindwa kwa hakika, kwa hiyo urushe. Ukirusha 4 moja unahitaji 5 au 6, nafasi 1 kati ya 3. Ukirusha zote mbili unahitaji jumla ya 9 au zaidi, nafasi 10 kati ya 36, ambayo ni ndogo. Rusha moja. Katika zamu ya mwisho, matokeo ya mpinzani yakiwa yanajulikana, kinachohesabiwa ni njia za kuvuka alama hiyo tu.

Mzee wa Bao: Basi na kabla ya zamu ya mwisho iwe hivyo hivyo. Aliye nyuma abahatishe, aliye mbele alinde.

Msomi wa Takwimu: Hapo sikufuati moja kwa moja. Visanduku vikiwa vingi bado, kuacha pointi 6 za wastani ili upanue matokeo kunaweza kukugharimu ushindi unaoutafuta. Ningependa kuona dadu na karatasi za wote wawili kabla ya kusema.

Mzee wa Bao: Nitazileta, zamu ya kumi nikiwa nyuma kwa pointi 40.