Nimeaibishwa mbele ya kamati nzima na triga ya fomu, halafu wenyewe hata samahani hawana

Kibuyu_Kikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu naandika hapa bado nimevaa shati la kikao, sijala, na sili. Wale jamaa wa spredishiti za mtandaoni, mnawajua, siwataji, hata mtoto wa chekechea anawajua, leo wamenivua nguo mbele ya watu 22 na soda zao mkononi.

Kisa chenyewe hiki. Mdogo wangu anaoa, mimi ndio "mtu wa kompyuta" wa kamati. Nikatengeneza fomu ya ahadi za michango, mtu anajaza jina, kiasi, imeli, majibu yanaingia kwenye spredishiti, skripti inampa namba ya risiti. Jumatatu mpaka Jumatano inapiga kazi kama saa ya ukutani. Alhamisi nikasema ngoja niwe mstaarabu, mtu akijaza apate na imeli ya asante. Nikaongeza mstari MMOJA:

```
function onFormSubmit(e) {
  var namba = 'R-' + e.range.getRow();
  e.range.getSheet().getRange(e.range.getRow(), 7).setValue(namba);
  MailApp.sendEmail(e.namedValues['Imeli'][0], 'Asante', namba);
}
```

Huo wa mwisho. Nikaandika na kifankisheni kidogo cha kujaribu kutuma imeli kwangu mwenyewe, nikabonyeza `Run`, ikaniomba ruhusa, nikatoa, imeli ikaingia. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Leo kikaoni mwenyekiti anasimama, anasema "sasa kijana wetu ametuletea teknolojia", anatoa simu, anajaza fomu MBELE YA WATU, laki mbili, anatuma. Anainua simu juu kama mchungaji kashika Biblia. Tunasubiri. Kimya. Feni inazunguka. Anavuta skrini chini kurifreshi. Kimya. Mama mmoja anasema "labda bando". Anawasha waifai ya ukumbi. Kimya! Ile simu imekaa hewani mimi nimezeeka miaka kumi. Halafu anaishusha taratibu, ananiangalia, anasema "basi tuendelee na daftari". DAFTARI wakuu. Mhazini akalitoa kwenye mkoba, kumbe alikuja nalo! Alijua!

Nafika nyumbani nafungua spredishiti, majibu yote yamo, ila kolamu ya namba kuanzia mstari wa 22 mpaka wa 59 ni nyeupe peee. Watu 38. Hata namba hawakupewa, na mstari wa namba sikuugusa! Nikibonyeza mimi inafanya kazi, mtu akijaza fomu haiendi. Huu ni uchawi au ni dharau? Ile simu juu hewani naiona hata nikifumba macho.

Mzee_wa_Fomula

Pole ila nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. "Basi tuendelee na daftari" 😂😂

Shida yako naijua, ni limiti. Akaunti za bure unatuma imeli kwa watu 100 tu kwa siku. Umezidisha.

Kibuyu_Kikavu

Mzee watu 38 kwa siku nne, 100 inatoka wapi? Au na wewe upo kwenye kamati?

Binti_Ukwaju

Mimi nilichanga harusi ya mtu mwezi wa tano, kadi mpaka leo sijaiona. Kumbe ni hizi fomu zenu.

Fundi_Saa_Mbovu

Limiti sio. Ingekuwa limiti ungekuta ujumbe wa `Service invoked too many times for one day: email`, na namba za risiti zingekuwepo maana mstari wa namba upo juu ya mstari wa imeli. Hiyo kolamu nyeupe ndio inayosema yote, skripti haikufika hata mstari wa kwanza. Imezuiwa mlangoni.

Swali moja tu: ile triga uliiweka kwa akaunti gani?

Kibuyu_Kikavu

Niliiweka Jumatatu kwa mhazini, kwenye laptopu yake, ilikuwa imefunguliwa akaunti ya kamati. Alhamisi ndio niliongeza mstari nikiwa kwangu, akaunti yangu, maana nimeshirikishwa kuhariri. Kwani inahusu nini, spredishiti si ile ile?

Fundi_Saa_Mbovu

Ndipo ulipouawa. Triga ya kuweka kwa mkono inatembea kwa jina la aliyeiweka, haijali nani kajaza fomu wala nani kahariri kodi. Yako inatembea kwa jina la kamati. Jumatatu akaunti ya kamati iliulizwa "unaruhusu skripti iguse spredishiti?" ikasema ndio. Alhamisi umeleta `MailApp`, hiyo ni ruhusa mpya kabisa ya kutuma imeli, na aliyeulizwa ni WEWE, kwa sababu wewe ndio ulibonyeza `Run`. Kamati haijaulizwa mpaka leo. Sasa mtu akijaza fomu usiku, triga inaamka, inakuta ruhusa haitoshi, na hakuna binadamu pale wa kutokewa na kile kidirisha cha kuombwa ruhusa. Inakufa kimya.

Ingia kwa akaunti ya kamati, fungua skripti, upande wa kushoto nenda `Executions`. Utakuta `Failed` zimepangana kama foleni ya mwendokasi. Halafu angalia na imeli za hiyo akaunti.

Kibuyu_Kikavu

Nimefungua.

Wakuu.

Imeli TATU. Ijumaa, Jumamosi, leo. Kila siku muhtasari wa kushindwa, unasema kwa adabu zote `Authorization is required to perform that action`. Wametuma kwenye boksi ambalo hakuna aliyelifungua tangu lifunguliwe! Yaani mwenyekiti kashika simu juu, mimi jasho linatoka mpaka kwenye soksi, kumbe barua ya kunisema ipo imekaa mahali inasubiri nipate nafasi. Wangeandika hata kineno chekundu juu ya spredishiti wangepungukiwa nini?

Mzee_wa_Fomula

Basi futa kila kitu weka triga upya. `Add Trigger`, chagua fankisheni, `From spreadsheet`, `On form submit`, sevu. Mimi huwa nafanya hivyo inapona.

Pwani_Mchana

Hata jina la fankisheni linachanganya watu. `onEdit` ukiiandika tu inaenda yenyewe, hata bila kuruhusu kitu, ila haiwezi kutuma imeli. Ukiandika `onFormSubmit` ukakaa kusubiri, utasubiri mpaka ndevu ziote mvi, maana hilo ni jina tu, triga lazima uiweke. Nilipoteza wikiendi nzima hapo. Na ukinakili faili, skripti inakuja ila triga hazinakiliwi. Nilinakili faili la darasa la wazazi, wiki mbili natafuta mchawi.

Fundi_Saa_Mbovu

Kibuyu usikimbilie kufuta. Ukiwa na akaunti ya kamati bonyeza `Run` kwenye kile kifankisheni chako cha kujaribu, kitaomba ruhusa, mpe, basi. Triga ya zamani itaendelea yenyewe kuanzia atakayejaza tena. Fungulia dirisha la faragha kwenye brauza ili akaunti mbili zisichanganyike, usije ukaruhusu tena kwa jina lako ukarudi hapa kulia.

Kibuyu_Kikavu

Imeniletea ukurasa wa kutisha eti app haijathibitishwa, na kitufe kikubwa cha `Back to safety`. Nikabonyeza. Nani hataki usalama? Ikanirudisha nilipotoka.

Fundi_Saa_Mbovu

😂 Hicho ndio kimeua triga nyingi kuliko kitu chochote. App yenyewe ni wewe umeiandika, umeogopa mkono wako. Bonyeza `Advanced`, chini kabisa kuna kiungo kidogo kina neno `unsafe` kwenye mabano, humo. Na kama itakuletea viboksi vya kutiki, tiki vyote, ukiacha cha imeli umerudi palepale.

Bi_Chachandu

Fanya hivyo kwa skripti ulizoandika au kuzisoma mwenyewe TU. Kuna binamu yangu aliruhusu spredishiti ya kutumiwa na mtu wa bahati nasibu.

Kibuyu_Kikavu

IMEKUBALI! Nimejaza fomu kwa jina la shangazi nikatumia imeli yake halisi, namba imeingia mstari wa 60.

Ila shangazi kapiga simu sasa hivi, kapata asante MBILI, anauliza kama tunamdai mara ya pili.

Fundi_Saa_Mbovu

Ulimsikiliza Mzee?

Kibuyu_Kikavu

...niliweka triga nyingine kwa akaunti yangu wakati nasubiri jibu lako.

Fundi_Saa_Mbovu

Basi ziko mbili, yako na ya kamati, kila moja inatuma ya kwake. Futa yako kutoka akaunti yako. Na wale 38 hawatatumiwa wenyewe, yaliyopita yamepita, itabidi uandike kijitanzi kinachopitia mistari yenye kolamu ya 7 tupu, kinaandika namba na kutuma. Kwenye hicho hakuna `e`, usome moja kwa moja kutoka kwenye mistari.

Mzee_wa_Fomula

Mimi nilisema inapona, na imepona. Kupona mara mbili sio kosa langu.

Kibuyu_Kikavu

Kwa hiyo mtu aliyechanga Ijumaa apate asante leo saa sita usiku? Mwenyekiti naye yumo, mstari wa 59! Simu italia kitandani kwake, "Asante, R-59". Si ni kama namtukana? Na ile picha ya simu hewani haiondoki.

Mpangaji_Sugu

Nimesoma juu juu, mmesema kodi imehaririwa na ruhusa haikutolewa? Mwenye nyumba wangu kafanya hivyohivyo, kapandisha kodi katikati ya mkataba, anataka ya miezi sita mkupuo.

Pwani_Mchana

Hahaha kodi ya skripti hiyo ndugu, sio ya nyumba.

Mpangaji_Sugu

Kodi ni kodi. Miezi sita natoa wapi?

Bi_Chachandu

Miezi sita una bahati. Wangu anataka mwaka, na maji ya kisima nachangia.

Binti_Ukwaju

Wangu ana funguo za ziada, anaingia kukagua nikiwa kazini. Huyo ruhusa alimpa nani?

Mpangaji_Sugu

Funguo za ziada! Uko mtaa gani, au tuna baba mwenye nyumba mmoja?

Kibuyu_Kikavu

Jamani uzi wangu. Niwatumie wale 38 sasa hivi au asubuhi?

Binti_Ukwaju

Mwembamba, mrefu, ana pikipiki nyekundu?

Mpangaji_Sugu

NDIYE HUYO HUYO.