Naomba ushauri: kadi ya rangi ya mteja mnaiandikaje?

Wasusi wenzangu, salamu. Kadi ya mteja mmoja hapa saluni inasema: mizizi levo 4, rangi 6.3, developa asilimia 6, dakika 35, matokeo "nzuri". Karudi kupaka mizizi, kadi ikafuatwa vilevile. Mizizi imetoka sawa, ila ncha, zilizopitishiwa rangi dakika 10 za mwisho, zimefifia toni na kuwa nyeusi-nyeusi. Ncha zilizokwishapakwa hunyonya sana na rangi hulundikana, lakini kadi haina pa kuonyesha hilo. Na hilo "nzuri" linanisaidia nini?

Nafikiria mistari miwili, mizizi na ncha, kila mmoja na levo ya kuanzia, developa, dakika, na levo inayoonekana nywele zikishakauka, kwenye mwanga wa mchana. Nyie mnaandikaje? Ncha mnazipaka developa dhaifu au mnaziacha?