Harusi ya dada imegeuzwa video ya keki!! Fundi mwenyewe mnamjua

Mwana wa Pongwe
Wakuu naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa video mnayemjua wote hapa mjini, simtaji, amenirudishia faili la harusi ya dada leo mchana. Kamera ya 360 tuliisimamisha katikati ya ukumbi makusudi, maana bibi yuko Pemba hawezi safari, tukasema atavaa ile miwani ageuze kichwa aone kila mtu aliyekuja. Faili nililompa lilikuwa 5760 kwa 2880, kazi yake kukata mwanzo na mwisho, BASI. Kanirudishia 1920 kwa 1080, video ya kawaida, kachagua upande mmoja tu, mbele ya kamera. Na mbele ya kamera kulikuwa na nini? Keki.

Dada anaingia na baba kwa mlango wa nyuma, vigelegele unavisikia, MC anapasua spika "bibi harusi huyooo", ukumbi mzima umesimama, we kwenye kioo unaona KEKI. Nageuza simu, keki. Navuta kwa kidole, keki. Dada anakuja kuonekana keshakaa jukwaani na shela keshafunuliwa! Nampigia eti "bosi nimekuwekea ionekane vizuri kwenye TV". TV nani kaitaja?? Bibi wa watu aangalie keki mpaka kiyama?

Chongoe
Pole ila nimecheka mpaka mke kaja kuuliza. Keki ya ladha gani mkuu?

Bwana Nyaya
Usipaniki, hapo imepotea ile lebo ya 360 tu. Google wana kiprogramu kinaitwa Spatial Media Metadata Injector, fungua faili, weka tiki kwenye "My video is spherical (360)", sevu, pandisha YouTube itazunguka yenyewe.

Mama Kibatari
Afadhali wewe, mimi ya kitchen party ya binti yangu nimetumiwa WhatsApp, imetandazwa kama chapati, dari limevutwa huku na huku, watu wa pembeni wamepinda. Huyo huyo fundi!

Sauti ya Gati
Bwana Nyaya, dawa yako ni ya Mama Kibatari, siyo ya mtoa mada. Lebo haileti picha, inamwambia tu mchezaji wa video kwamba hii picha ni ya kuzungushiwa duara. Mama, yako ikiwa upana ni mara mbili ya kimo na dari limevutwa, pande zote bado zimo. WhatsApp imeibana upya na lebo ikadondoka njiani, mwambie akupe faili lenyewe kwa flashi. Ila ya mtoa mada ni 1920 kwa 1080 na mistari ya ukuta imenyooka, hiyo imeshabapazwa, nyuma ya kamera hakuna kitu tena. Ukiibandika lebo, hiyo keki itavutwa izunguke ukumbi mzima.

Na hata huo upande mmoja hakuutendea haki. 5760 ni nyuzi 360, ukikata 90 unabaki na pikseli 1440 hivi, kazivuta mpaka 1920 ndiyo maana sura zina ukungu. Faili la mwanzo unalo? Kukata bila kupoteza lebo, kwa programu ya ffmpeg, ni hivi:

```
ffmpeg -ss 00:03:00 -i harusi.mp4 -t 00:40:00 -c copy -strict unofficial bibi.mp4
```

Hilo neno la `-strict unofficial` ndilo wengi wanaliacha, faili linatoka zima ila lebo haimo. Ya TV nayo ifanye kwa v360, kichujio cha ffmpeg hiyo hiyo cha kubapaza duara, weka `yaw=180` pale dada anapoingia, kamera igeukie mlangoni.

Mwana wa Pongwe
Faili nilimpa kwenye memori kadi, anasema "nitaangalia kama sijaifomati". KAMA! Yaani dada anapita na baba kashika mkono, vigelegele, halafu KEKI.

Ustadh wa Mtaa
Mimi namtetea fundi. Wajomba wangapi wana miwani? Ukiwatumia ya kuzungusha wanaangalia ukuta dakika ishirini halafu wanakupigia. Video bapa ndiyo inayotazamwa.

Sauti ya Gati
Sawa, lakini bapa inatoka kwenye duara muda wowote, duara haitoki kwenye bapa. Angempa zote mbili.

Mwana wa Pongwe
Na basi angegeukia mlango!! Unasikia vigelegele nyuma yako unaacha kamera inaangalia siagi?

Chongoe
Siagi 🤣🤣 nimeuliza ladha nimejibiwa

Mama Kibatari
Mimi flashi nimeomba tangu Ijumaa anasema umeme umekata.

Binti Makorora
Huyo ana nafuu, wa picha mnato je? Albamu yangu ya harusi sijapewa, mtoto sasa anatambaa.

Ustadh wa Mtaa
Wa albamu si ni yule mwenye banda karibu na stendi? Mimi ananidai niongeze hela ya kava.

Binti Makorora
Huyo huyo! Na wewe kakwambia la ngozi??