Mtaro wa mita 2.4 kwenye mchanga, Mtongwe: umetoka ufa, niwashushe vijana?

nyapara_mtongwe

Salaam wakuu. Naomba ushauri, na ikiwezekana nipate jibu kabla ya kesho saa moja asubuhi maana ndipo vijana wanapofika.

Tunalaza bomba la maji taka hapa Mtongwe, ndani ya kichochoro cha mita 4 na nusu kutoka ukuta wa nyumba hii hadi wa nyumba ile. Eskaveta ndogo ilichimba juzi. Kina ni mita 2.4, upana sentimita 80, kuta zimesimama wima kabisa. Juu kuna tabaka la murami iliyoshindiliwa, chini yake ni mchanga mtupu. Kifusi chote kimemwagwa upande wa kulia, kiko ukingoni hasa, lundo linafika kiunoni.

Leo alasiri nimeona ufa kwenye ile murami, upande huohuo wa kifusi. Umekwenda sambamba na mtaro, nusu mita kutoka ukingoni, urefu kama mita 4. Ni mwembamba, ukucha ndio unaingia. Nimempigia bosi, kasema mtaro umesimama siku mbili bila kumwaga hata ndoo moja, kwa hivyo ardhi ni ngumu, tushuke tulaze bomba tufukie upesi. Fomu ya ukaguzi wa kila siku natia saini mimi. Vijana ni wanne. Niwashushe?

jembe_la_changamwe

Usiwashushe hivyo. Zaidi ya mita moja na nusu lazima ukinge kuta, chini ya hapo hakuna shida. Dawa yake rahisi: kateni kuta kwa ngazi, kipande cha kwanza mita moja na kidogo, cha pili hivyohivyo. Sisi huku Miritini tumefanya hivyo kila mara na hatujawahi kumwagikiwa. Mbao ni gharama bure.

bintikisauni

Poleni. Nami naomba kuuliza hapahapa. Jirani yangu amechimba shimo la choo karibu na ukuta wangu wa mpaka, na ukuta umeanza kupasuka kona ya chini. Je, nani analipa ukuta? Na huo ufa wa nyapara ni sawa na wangu?

msimamizi_mstaafu

Nyapara mwanangu, jibu la swali lako ni hapana. Mtu yeyote asishuke, hata kuokota koleo. Nimesimamia mitaro mingi pande hizi za Likoni, na nitakueleza kwa nini huo ufa unanitia wasiwasi kuliko kina chenyewe.

Mchanga mkavu hausimami wima. Unaousimamisha sasa ni unyevu mdogo ulio kati ya chembe na chembe. Mtaro ukiachwa wazi, jua na upepo vinaunyonya unyevu huo usoni mwa ukuta, na siku ya pili au ya tatu nguvu imekwisha. Mvua nayo ikijaa, mambo ni yaleyale, kwa sababu maji yakizidi yanaachanisha chembe. Kwa hiyo kusimama siku mbili si ushahidi wa ugumu. Siku zinavyopita ndivyo mtaro wa mchanga unavyodhoofika, na bosi wako amehesabu kinyume.

Ufa unaokwenda sambamba na mtaro maana yake kipande cha ukuta kimeshaanza kusogea kuelekea ndani. Murami ya juu ni ngumu, ndiyo maana umeuona. Kama juu kungekuwa na mchanga tu, usingeona kitu. Chukua nusu mita hadi kwenye ufa, kina mita 2.4, urefu mita 4. Kipande kama hicho hukatika kwa mshazari kuelekea chini, kwa hiyo gawa kwa mbili: unapata mita za ujazo 2.4. Mchanga wenye unyevu mita moja ya ujazo ni karibu tani 1.7. Hizo ni tani 4, na juu yake kuna lile lundo. Kijana akiwa ameinama kuunga bomba, hana pa kukimbilia ndani ya sentimita 80. Akifunikwa mpaka kifuani tu hawezi kupumua, hata kama kichwa kiko nje.

Asubuhi ukifika, tazama mambo mawili kabla ya jingine lolote, ukiwa umesimama kwenye ncha ya mtaro, usikanyage ule upande wa ufa. Je, ufa umepanuka? Leo hii weka misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime kati yake. Utumie kijiti kirefu, usiegemee pale. La pili, tazama uso wa ukuta chini ya murami. Ukiona mchanga unachururika kidogokidogo na kuacha murami ikining'inia kama kibaraza, basi wakati wowote utashuka.

Ndugu wa Changamwe, ngazi zako ni sahihi kwa udongo wa mfinyanzi mgumu wa huko kwenu. Kwenye mchanga ngazi haisimami, kona yake inamwagika yenyewe. Na hiyo mita moja na nusu si mpaka wa usalama. Ni kina ambacho kanuni za Wamarekani zinalazimisha kinga, ila mwamba mtupu. Chini ya hapo bado mtu anayejua anatakiwa aangalie kama kuna dalili ya kuanguka. Mtu aliyepiga magoti kwenye mchanga wa mita 1.2 anafunikwa vizuri sana.

jembe_la_changamwe

Nimekuelewa mzee, mchanga sina uzoefu nao. Basi alaze kuta mshazari.

msimamizi_mstaafu

Kwa mchanga mshazari unaokubalika ni mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kina. Kina chake 2.4, kwa hiyo 3.6 kila upande, ongeza upana wa chini sentimita 80. Juu atahitaji mita 8. Kichochoro ni 4 na nusu. Angeingia sebuleni mwa watu.

Hapo hakuna njia ila mbao. Tena mbao za kugusana, zilizosimama wima bila nafasi, kwa sababu mchanga hupita kwenye upenyo.

Bi Kisauni, ufa wako na wake ni ndugu, kwa kuwa shimo linaondoa ardhi inayoshikilia ukuta. Usiruhusu watoto wapite pale, na mwambie jirani asimamishe kuchimba mpaka mhandisi aone. Habari ya nani analipa fungua uzi wake, wapo wanasheria humu.

kibarua_wa_zamani

Nyapara, mimi nilifukiwa mpaka mbavuni Tudor miaka ya nyuma, na yaliyonitisha zaidi ni wenzangu. Waliruka ndani kunitoa, na ukuta wa pili ukashuka nyuma yao. Tulipona kwa sababu ulikuwa mfupi. Tafadhali waambie vijana mapema: mwenzao akifunikwa, hakuna anayeruka ndani, na eskaveta isichimbue kumtafuta. Kifusi cha ukingoni kiondolewe kwanza, kuta zikingwe, ndipo wamfukue kwa mikono.

nyapara_mtongwe

Shukrani wazee. Sasa mbao nitazitiaje bila mtu kushuka? Mtaro umeshachimbwa.

msimamizi_mstaafu

Ndilo swali lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapofia: wakienda kuweka kinga ndani ya mtaro usio na kinga.

Kwanza anza na lundo, maana ndilo linalokandamiza kile kipande kilichopasuka. Eskaveta isimame kwenye ncha ya mtaro, isisogee kando ya ufa, irudishe mchanga ndani mpaka kibaki kina cha mita moja hivi. Ndiyo, mnafukia kazi ya juzi. Bosi atanung'unika, mwache.

Halafu mgawanye mtaro vipande vifupi. Bomba zenu bila shaka ni za mita 6, basi chimbeni kipande cha kutosha bomba moja. Simamisheni mbao za inchi 2 pande zote mbili, mzipigilie chini kidogo, muweke mbao nene za kulala kwa urefu wa mtaro, kisha mikazo kutoka upande hadi upande. Chimba kidogo, shusha mbao, kaza, chimba tena. Mbao zitangulie chini kuliko mchimbaji, na juu zizidi usawa wa ardhi kama kiganja ili kokoto zisidondokee watu. Unene wa mbao za kulala na nafasi ya mikazo mhandisi wenu apige hesabu, mimi sioni udongo wenu kutoka hapa.

Mchanga wa kipande hiki upelekeni kwa mkokoteni ukafukie kipande mlichomaliza. Hapo hamtakuwa na lundo kichochoroni. Ukilazimika kuuweka kando, mguu wa lundo uwe angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Hiyo inazuia mawe kuviringika ndani, lakini uzito bado unasukuma, kwa hiyo kwenye mchanga mimi napenda mita nzima na zaidi. Ngazi ya kupandia iwe ndani ya kipande wanachofanyia kazi. Kutoa mbao ni chini kwenda juu, huku mkifukia.

nyapara_mtongwe

Mikazo tunazo akro za kushikilia slebu. Zinafaa?

fundi_wa_foma

Zinafaa, tumezilaza mara nyingi.

msimamizi_mstaafu

Mimi sikubali. Akro imetengenezwa kubeba ikisimama wima, na kwa upana wa sentimita 80 hata haingii, kimo chake cha chini kimezidi hapo. Zipo jeki fupi za mitaro, au kata miti mizito kwa kipimo na uikaze kwa kabari.

fundi_wa_foma

Zetu zilikuwa kwenye mtaro mpana. Zilishika, mzee. Tusibishane.

kibarua_wa_zamani

Nyapara, na ile fomu? Bosi akikuambia shusheni na wewe umeandika hatari, nani ana neno la mwisho?

msimamizi_mstaafu

Mkaguzi wa mtaro ni mtu anayeijua ardhi na mwenye mamlaka ya kuwatoa watu papo hapo bila kupiga simu. Ukikosa la pili, usitie saini. Andika ulichokiona, saa, na umbali wa ile misumari, kisha mtumie bosi kwa ujumbe ubaki ushahidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha pale kabla haijarekebishwa. Ukaguzi ni kabla ya kuingia asubuhi, kisha tena kila mvua inaponyesha au lori zito linapopita jirani, hata kama ulishatia saini saa moja.

nyapara_mtongwe

Narudi na habari. Misumari: jana jioni sentimita 12, leo saa kumi na mbili na nusu sentimita 13 na nusu. Nimemtumia bosi picha mbili, ya jana na ya leo, na nikamwambia sitii saini. Alikasirika, kisha akamtuma mwenye eskaveta. Tulipoanza kupunguza lundo kutoka kwenye ncha, ule upande ulishuka wenyewe, karibu mita 3 za ukuta, murami na kila kitu. Hapakuwa na mtu ndani.

Sasa tunarudisha mchanga. Mbao zinakuja mchana, jeki fupi bado natafuta. Aliye na za kukodisha upande wa Likoni anitumie ujumbe.