Naomba ushauri: kifurushi cha GB 2 kimeisha kwa siku mbili

Ndugu wanajukwaa, kifurushi changu cha GB 2, ambacho kwa kawaida hunitosha wiki nzima, kimeisha kwa siku mbili. Nilipofungua rekodi ya matumizi kwenye simu na kubadilisha tarehe ya kuanzia, kwani ilikuwa ikihesabu tangu mwanzo wa mwezi, niliona programu zangu zimetumia MB 300 tu, ilhali hotspoti imekula GB 1.6. Hotspoti hiyo hutumiwa na kompyuta yangu, ambayo nadhani huiona kama waifai ya kawaida, hivyo ikapakua masasisho chinichini. Je, nikiuwekea mtandao huo alama ya matumizi yenye kikomo, masasisho yote yatasimama, au baadhi yataendelea kupita?