Yule dada wa laivu wa Arusha: "Namba haijakosea, mwili ndio umekosea"

Binti_wa_Rau (mwanzisha uzi)

Wadau, niko ndani ya Kosta narudi Moshi, tumepita Usa River sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji. Mnamjua wote. Yule wa laivu za saa tatu usiku, duka la ghorofani, ngazi za chuma, anapiga kelele "zimebaki mbili, zimebaki mbili" wiki nzima na hizo mbili haziishi.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wangu. Rangi ya kamati kijani cha chupa. Wiki mbili kabla nikamwandikia yule dada: mimi navaa 14 ya Uingereza, nina magauni manne ya 14, yote yananikaa. Akajibu ninalo, 42, ni 14 hiyo hiyo, tuma hela. Nikatuma 85,000. Mzigo ukaja Ijumaa jioni, lebo ya shingoni imeandikwa 42, mimi nikalala usingizi wa mtu mwenye gauni.

Jumamosi saa nane mchana zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Shangazi yangu, mama wa kubeba mkungu wa ndizi peke yake kutoka shambani, kavuta. Wifi kavuta. Mpiga picha naye kaombwa avute. Wameshindwa. Nikaenda sendofu ya mdogo wangu wa tumbo moja na dera la zambarau, kwenye picha zote naonekana kama nimetoka kwenye msiba wa jirani nikapitia.

Leo nimepanda gari kulirudisha. Dukani kuna wateja watano, nimewahesabu. Namweleza kwa upole, anaangalia gauni, ananiangalia mimi kuanzia chini kwenda juu, anasema kwa sauti ya laivu: "Dada yangu, 42 ni 14 duniani kote. Namba haijakosea, mwili ndio umekosea."

Mwili. Ndio. Umekosea.

Hela hairudi, "bidhaa ikishauzwa hairudi". Hela sijali. Ila mbele ya watu watano! Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, hata mtoto kacheka.

Chalii_wa_Ngarenaro

Arifu pole. Lakini huenda tangu wiki mbili zile ulikula sana, kamati nazo zina pilau.

Binti_wa_Rau

Nimejipima jana usiku. Kifua sentimita 92, kilekile fundi alichoniandikia mwaka jana. Mwili haujakosea kitu. Usinianze.

Mama_Wawili_Sakina

Huyo huyo! Mimi aliniuzia blauzi "saizi yako kabisa mpenzi" ikafika ya mtoto wa darasa la tano. Nilipompigia akaniambia niifue kwa maji ya moto itavutika.

Mjuaji_Majengo

Dada, hesabu ni rahisi, watu mnakuza mambo. Chukua namba ya Uingereza ongeza 28, unapata ya Ulaya. 14 jumlisha 28 ni 42. Yule dada yuko sahihi, gauni ndilo lilishonwa vibaya.

Fundi_Mbauda

Mjuaji, hiyo 28 yako ni kweli, ila ni ya Mfaransa. Ulaya haina namba moja. Mfaransa ana yake, Mjerumani ana yake, Mwitaliano ana yake, na wote watatu wanaandika 42 kwenye miili mitatu tofauti. Mjerumani unaongeza 26 tu, kwake 14 ni 40. Mwitaliano unaongeza 32, kwake 14 ni 46.

Binti wa Rau, gauni unalo bado? Lifungue kwa ndani, angalia mshono wa ubavuni, chini ya kwapa mpaka usawa wa kiuno. Kuna lebo ndogo ya pili, ile ya maelezo ya kufua. Tuandikie ilivyo, herufi kwa herufi.

Binti_wa_Rau

Ninalo mapajani. Abiria wa pembeni ananiangalia nalipekua. Ipo, imekunjwa, kaandishi kama ka chungu:

```
I 42   F 38   D 36   UK 10   USA 6
```

UK 10?????

Fundi_Mbauda

Basi umelipata jibu. Hiyo I ni Italia, F Ufaransa, D ni Ujerumani kwa jina lao wenyewe. Namba ya shingoni ilikuwa ya Mwitaliano. Wewe uliomba 14 ukapewa 10.

Mimi nilijifunza kukata kwa vipimo vya Kijerumani, nikuonyeshe namba zinavyotoka. Mwitaliano ni rahisi kuliko wote, namba yake ni nusu ya kifua kwa sentimita. 42 mara mbili ni 84. Mjerumani anachukua nusu ya kifua anatoa 6, kwa hiyo 36 yake ukirudisha 6 inakuwa 42, mara mbili, 84 tena. Mfaransa anatoa 4, na 38 yake nayo inarudi kulekule 84. Lebo yote inasema kitu kimoja: mwenye kifua cha 84. Wewe una 92. Nusu yake ni 46, basi kwa Mwitaliano wewe ni 46, kwa Mfaransa 42, kwa Mjerumani 40.

Sentimita nane kwenye kitambaa kisichovutika, hata huyo shangazi wa mkungu angevuta mpaka Krismasi.

Binti_wa_Rau

Kwa hiyo yule dada alikuwa na lebo imeshonwa humo humo ndani, UK 10, na akasimama mbele ya watu watano akasema MWILI NDIO UMEKOSEA. Dereva kaniuliza kama naumwa.

Neema_wa_Shanty

Samahani, D 36 si saizi ya sidiria? Mimi sidiria yangu ni 36D na gauni kama hilo haliwezi kunitosha hata mkono.

Fundi_Mbauda

Hapana dada, hiyo ni bahati mbaya ya herufi. Ya sidiria ni inchi za chini ya matiti na herufi ya kikombe. Hapa D ni nchi.

Baba_Glory

Ngoja ngoja. Mimi fundi wa mke wangu kamwandikia kifua 36, nami nimekuwa nikimnunulia saizi 36 pale Memorial miaka miwili. Kila zawadi anasema asante halafu anampa binti yetu.

Fundi_Mbauda

Kaka, sisi mafundi huku tunapima kwa inchi. Kifua cha inchi 36 ni kama sentimita 91 na nusu, huyo mama yuko karibu sawa na mwenye uzi. Mnunulie 40 ya Mjerumani au 42 ya Mfaransa, na hao wa Uingereza 14. Namba ya tepu usiipeleke kwenye lebo moja kwa moja.

Mama_Wawili_Sakina

Miaka miwili na mkeo hajakwambia 😂 huyo ni mke wa peponi.

Mjuaji_Majengo

Sawa Ulaya nimekubali. Ila Amerika tofauti yake na Uingereza ni mbili, hilo nina uhakika, nimeona kwenye jedwali.

Fundi_Mbauda

Majedwali ya mbili nimeyaona pia, sikukatalii. Ila nguo zinazoniingia mezani hapa Mbauda, lebo zilizoandika zote mbili, nyingi ni nne. Itazame hiyo ya dada: UK 10, USA 6. Kwa hiyo 14 ya Uingereza naiweka 10 ya Amerika. Ukikuta lebo imeandika zote, ifuate lebo, usinifuate mimi.

Chalii_wa_Ngarenaro

Hii ni kweli wazee. Binamu yangu anavaa 14 za mtumba wa Uingereza, shangazi yake akamletea 14 kutoka Amerika. Ndani ya lile gauni angeingia yeye na mtungi wa gesi.

Fundi_Mbauda

14 ya Amerika inakaribia 18 ya Uingereza. Kifua cha sentimita 100 hivi.

Upendo_Kiborloni

Fundi na sisi wa nyonga je? Kifua 88, nyonga 108. Hiyo nusu kutoa sita inaniambia 38. Gauni la 38 linakwama mapajani, halifiki hata kwenye zipu ya kulalamikia.

Fundi_Mbauda

Hesabu ile ni ya kifua peke yake. Kwa 38 ya Mjerumani nyonga wanakadiria 97 hivi, wewe umewapita kwa 11. Gauni la kubana nunua linalotosha nyonga, niletee nipunguze kifua na kiuno. Kupunguza naweza, kuongeza kitambaa kisichokuwepo siwezi. Blauzi wewe endelea na 38. Na wenye kifua zaidi ya 104 hesabu hii waiache, kuanzia hapo Mjerumani anaruka sentimita sita kila saizi, siyo nne, kwa hiyo 48 yake ni 110.

Binti_wa_Rau

Fundi, sasa muuzaji akikwambia "42" tu kwenye simu na hana habari ni ya nani, unafanyaje? Maana nina hasira lakini sendofu nyingine iko Agosti.

Fundi_Mbauda

Mwambie alilaze mezani, zipu imefungwa, apime kwapa hadi kwapa, akutumie picha ya tepu. Zidisha mbili. Kitambaa kisichovutika kinatakiwa kizidi kifua chako kwa sentimita nne au tano ili upumue na ukae. Kwako kwapa hadi kwapa isipungue 48. Akikataa kupima, usitume hela. Na akikwambia limeshonwa Uturuki au Bangladeshi hilo halikusaidii, namba inafuata soko linakouzwa.

Binti_wa_Rau

Nimeshuka Boma Ng'ombe nimeazima tepu kwa mama wa vitenge. Kwapa hadi kwapa 44. Yaani 88. Gauni ni dogo kuliko mwili wangu MTUPU. Na yeye: mwili ndio umekosea. Narudia, watu watano.

Mama_Wawili_Sakina

Mpelekee picha ya lebo kwenye laivu yake ya leo.

Binti_wa_Rau

Kanifungia.

Neema_wa_Shanty

Nalinunua mimi hilo gauni kwa mdogo wangu, ana kifua 84. Elfu 40?

Binti_wa_Rau

Elfu 70. Limevaliwa nusu mgongo tu.

Baba_Glory

Na viatu je? Maana vya mke wangu navyo nilikuwa nanunua 36.

Upendo_Kiborloni

Baba Glory jamani 😂😂

Chalii_wa_Ngarenaro

Viatu msivianzishe. Mimi nina raba moja mguu wa kulia 42 wa kushoto 43, nilinunua usiku Kilombero, muuzaji akaniambia miguu haiko sawa kwa binadamu yeyote.

Mjuaji_Majengo

Hilo ni kweli kisayansi, mguu mmoja huwa mkubwa.

Mama_Wawili_Sakina

Mjuaji nenda kalale.

Upendo_Kiborloni

Fundi, Jumatano upo? Nina magauni matatu ya kupunguza kifua, na mara ya mwisho uliniambia Jumatano nikakuta umefunga.

Fundi_Mbauda

Ilikuwa umeme, dada. Njoo Alhamisi.