Mrejesho: insha ya karafuu na vyanzo hewa

Niliuliza: "Mdogo wangu kapeleka insha skuli ina vyanzo vilivyobuniwa na chatboti, mwalimu kamwita, afanyeje?"

Ahsanteni sana jamani. Kafata ushauri wa kuwahi kusema mwenyewe, lakini wapi, mwalimu keshajua, kamwekea kidole kwenye makala ya 1954 ya Journal of African History, "hii umeisoma wapi, na jarida limeanza 1960?" Kimya. Dhoruba ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja ni kweli, vyanzo ndo hewa. Mliosema atasamehewa mmekosea kidogo, sifuri ya marejeo imebaki, ila karuhusiwa kuandika upya kwa vitabu alivyovishika mwenyewe. Aliyetaja ofisi ya Nyaraka za Zanzibar kule Kilimani Mungu akulipe, viwili kashavipata huko.